Damu ya Mtoto Tumboni: Jinsi Inavyopata Oksijeni Kutoka kwa Damu ya Mama

Mama mjamzito anapofika kliniki kwa mara ya kwanza, iwe ni katika Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Nyeri, Karatina, Mukurwe-ini au katika zahanati iliyo karibu na nyumbani, moja ya vipimo anavyofanyiwa ni cha damu. Damu kidogo huchukuliwa, hupimwa, na nambari moja huandikwa katika Kijitabu cha Afya ya Mama na Mtoto. Inaweza kuwa 12.1, au 10.4, au 8.9. Nambari hiyo ni kiwango cha hemoglobini, yaani gramu za hemoglobini zilizomo katika kila desilita moja ya damu, ambayo ni mililita 100.

Hemoglobini ndiyo inayoipa damu rangi nyekundu, na ndiyo inayobeba oksijeni kutoka mapafuni kuipeleka mwilini kote. Akina mama wengi huichukulia nambari hiyo kuwa habari ya nguvu zao wenyewe. Lakini mtoto aliye tumboni hapumui. Mapafu yake yamejaa maji, na oksijeni yote anayotumia hutoka katika damu ya mama. Makala haya yanaeleza jinsi oksijeni inavyovuka kutoka kwa mama hadi kwa mtoto, kwa nini damu ya mtoto ina uwezo ambao damu ya mtu mzima haina, na mahali ambapo uwezo huo unafika kikomo.

Damu mbili zisizochanganyika

Ni jambo la kawaida kusikia watu wakisema kwamba damu ya mama hupita kwa mtoto. Sivyo ilivyo. Damu ya mama na damu ya mtoto hukaribiana sana katika kondo la nyuma, lakini kati yao kuna utando mwembamba. Upande mmoja, damu ya mama humiminika na kuzunguka vijidole vidogo vidogo vya kondo. Upande wa pili, ndani ya vijidole hivyo, hupita damu ya mtoto iliyoletwa na mishipa ya kiungamwana. Mimba inapokaribia kutimia, ukivitandaza vijidole hivyo vyote, utando wake ungefunika zaidi ya mita 10 za mraba, sawa na sakafu ya chumba kidogo.

Hemoglobini yenyewe haivuki utando huo. Kinachovuka ni oksijeni iliyokwisha kuachiliwa na hemoglobini ya mama na kuyeyuka katika majimaji ya damu. Oksijeni hiyo hufuata kanuni moja tu: hutoka mahali ilipo na msukumo mkubwa na kwenda mahali penye msukumo mdogo. Msukumo huo hupimwa kwa milimita za zebaki, kipimo kile kile kinachotumiwa kupima shinikizo la damu.

Katika mishipa ya mtu mzima mwenye afya anayeishi Mombasa, msukumo wa oksijeni ni karibu 100. Katika damu inayotoka kwenye kondo ikielekea kwa mtoto, ambayo ndiyo damu yenye oksijeni nyingi zaidi anayopata, msukumo ni karibu 30 tu. Mwaka 2007, madaktari waliopanda Mlima Everest walitolewa damu na kupimwa katika kimo cha mita 8,400, na wastani wa msukumo wa oksijeni katika mishipa yao ulikuwa karibu 25. Kwa hiyo mtoto aliye tumboni, hata mama akiwa ameketi nyumbani Mombasa, anaishi na damu inayokaribia ile ya mtu aliye juu kabisa ya dunia. Wapanda mlima hao walifika hapo wakiwa wamejizoeza kwa wiki nyingi. Mtoto hukaa hivyo kwa miezi, na bado anakua, moyo unapiga, na ubongo unajengeka.

Tofauti iliyo ndani ya hemoglobini

Siri ya kwanza ni kwamba mtoto ana hemoglobini yake ya pekee. Kuanzia karibu mwezi wa tatu wa ujauzito, sehemu kubwa ya hemoglobini anayoitengeneza ni ya aina ambayo wataalamu huiita hemoglobini ya mtoto tumboni, au kwa kifupi HbF. Ile ya mtu mzima huitwa HbA.

Hemoglobini zote mbili zimeundwa kwa minyororo minne iliyokunjamana. Ile ya mtu mzima ina minyororo miwili ya alfa na miwili ya beta. Ile ya mtoto ina miwili ya alfa vilevile, lakini mahali pa beta pana minyororo miwili ya gama. Beta na gama zinafanana sana, ila zinatofautiana katika sehemu chache, na moja ya sehemu hizo ndiyo inayobeba habari yote hii.

Ndani ya chembe nyekundu za damu kuna kemikali ndogo inayoitwa BPG. Katika hemoglobini ya mtu mzima, BPG hujipachika katika uwazi ulio kati ya minyororo miwili ya beta, kama kabari inavyopachikwa chini ya mlango usifungike. Kabari hiyo huishikilia hemoglobini katika umbo linaloachilia oksijeni kwa urahisi. Kwa mtu mzima hili ni jambo jema, kwa sababu misuli na ubongo vinahitaji oksijeni iachiliwe inapofika.

Katika mnyororo wa gama, mahali pa 143, kijenzi kiitwacho histidini kimeondoka na pameketi kingine kiitwacho serini. Histidini huwa na chaji ya umeme inayoivuta BPG, na serini haina chaji hiyo. Kwa sababu hiyo kabari haikazi vizuri katika hemoglobini ya mtoto, nayo hubaki ikiishikilia oksijeni kwa nguvu zaidi. Ushahidi wake ni rahisi: hemoglobini hizo mbili zikisafishwa katika maabara hadi BPG yote iondoke, tofauti kati yake katika kushika oksijeni karibu inatoweka.

Tofauti hiyo inaonekana katika vipimo. Hemoglobini ya mtu mzima hujaa nusu oksijeni inapofikia msukumo wa karibu 27. Ya mtoto hujaa nusu mapema zaidi, kwenye msukumo wa karibu 20. Kwenye msukumo wa 30, ule wa damu inayotoka kondoni, hemoglobini ya mtu mzima ingekuwa imejaa zaidi kidogo ya nusu, wakati ile ya mtoto imejaa karibu robo tatu.

Matatu mbili stejini

Mfano wa kila siku unaweza kusaidia. Matatu ya kwanza inafika stejini Karatina ikiwa imejaa abiria. Wengine wanashuka, wanavuka barabara na kungoja upande wa pili. Kama matatu iliyo upande huo huondoka tu pale umati unapokuwa mkubwa, viti vyake vitabaki wazi siku ambayo waliosimama ni wachache. Lakini kama matatu hiyo inawachukua abiria mara tu mmoja mmoja anapovuka, itajaa hata kama pale stejini hapaonekani umati wowote. Tena, kwa kuwa watu hawarundikani upande huo, wanaotoka upande wa kwanza wanaendelea kuvuka bila kizuizi.

Hivyo ndivyo hemoglobini ya mtoto inavyofanya kazi. Kila oksijeni inayovuka utando inanyakuliwa mara moja, na ile inayobaki ikielea katika majimaji ya damu ya mtoto ni kidogo. Msukumo upande wa mtoto unabaki chini, na oksijeni inaendelea kuvuka kutoka upande wa mama.

Kuna jambo la pili linalosaidia mahali hapo hapo. Damu ya mtoto inapofika kwenye kondo huwa imebeba hewa chafu ya kaboni dayoksaidi na asidi kutoka mwilini mwake, na huvipokeza kwa mama. Damu ya mama inapopokea asidi, hemoglobini yake hulegeza mshiko na kuachilia oksijeni zaidi. Damu ya mtoto inapotua mzigo huo, hemoglobini yake hukaza mshiko. Kwa hiyo katika dakika ile ile, mama anaachilia na mtoto anashika.

Jambo la tatu ni wingi. Mtoto anayekaribia kuzaliwa huwa na hemoglobini ya karibu gramu 16 au 17 kwa desilita, kiwango ambacho kwa mama mjamzito kingekuwa cha kushangaza. Kila gramu ya hemoglobini ikijaa kabisa hubeba karibu mililita 1.34 za oksijeni. Mtoto mwenye gramu 17, zilizojaa robo tatu, hubeba karibu mililita 17 za oksijeni katika kila desilita ya damu inayotoka kondoni. Mama mwenye hemoglobini ya 12, iliyojaa karibu yote, hubeba karibu mililita 16. Hesabu hiyo ina la kustaajabisha. Mtoto anaishi katika msukumo wa Everest, lakini kiasi cha oksijeni kilicho katika damu yake kinalingana na cha mama yake.

Nyeri si Mombasa

Wakazi wa Nyeri na miji mingine inayouzunguka Mlima Kenya huishi juu. Mji wa Nyeri uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Nanyuki na Naro Moru ziko juu zaidi, karibu mita 1,900 hadi 2,000. Hewa ya huku ina oksijeni asilimia 21 kama ile ya pwani, lakini uzito wa hewa umepungua. Mombasa hewa husukuma kwa milimita 760 za zebaki. Nyeri mjini ni karibu 620. Kwa sababu hiyo msukumo wa oksijeni katika mishipa ya mama anayeishi Nyeri ni karibu 80, badala ya 100.

Je, mtoto anapungukiwa kwa kiasi hicho? La, na sababu yake iko katika tabia ya hemoglobini. Msukumo ukiwa mkubwa, hemoglobini hujaa karibu yote, na kupungua kutoka 100 hadi 80 hakuondoi mengi. Damu ya mama wa Mombasa imejaa asilimia 97 au 98. Ya mama wa Nyeri imejaa karibu asilimia 95 au 96. Tena mjamzito hupumua kwa kina kuliko kawaida, na BPG huongezeka katika damu yake, jambo linaloifanya iachilie oksijeni kwa urahisi zaidi inapofika kwenye kondo. Kwa hiyo kimo cha miji yetu peke yake si sababu ya mama kuwa na hofu.

Hata hivyo, kadiri mtu anavyopanda ndivyo akiba inavyopungua. Katika jimbo la Kolorado nchini Marekani, ambako watu wengi huishi milimani, imeonekana kwamba uzito wa watoto wanaozaliwa hupungua kwa wastani wa karibu gramu 100 kwa kila mita 1,000 za kimo. Na katika kilele cha Lenana cha Mlima Kenya, mita 4,985, uzito wa hewa ni zaidi kidogo tu ya nusu ya ule wa pwani. Huko hata hemoglobini ya mama haijai tena vizuri. Mjamzito aliyezoea kubeba mizigo au kuongoza wageni mlimani anashauriwa kuzungumza na mhudumu wa afya kabla ya kupanda.

Kimo kina athari nyingine inayogusa kila kijitabu cha kliniki. Mwili wa anayeishi juu huongeza hemoglobini kidogo ili kufidia hewa nyepesi. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba nambari ya mkazi wa nyanda za juu ipunguzwe kabla ya kulinganishwa na kiwango cha kawaida. Kwa mjamzito aliye katika miezi mitatu ya mwisho, upungufu wa damu huhesabiwa kuanzia chini ya 11. Mama wa pwani mwenye 11.4 yuko sawa. Mama wa Nyeri mwenye 11.4, akishapunguziwa nusu gramu au zaidi kwa sababu ya kimo, anakuwa chini ya 11. Nambari ni ile ile, lakini kwa mama wa mlimani inaweza kuwa dalili ya upungufu mdogo wa damu.

Kikomo cha kwanza: damu ya mama ikipungua

Hemoglobini ya mtoto inaweza kunyakua haraka, lakini hainyakui kisicholetwa. Turudi kwenye hesabu. Mama mwenye hemoglobini ya 12 huleta karibu mililita 16 za oksijeni katika kila desilita ya damu. Mama mwenye 8 huleta chini ya mililita 11. Mapafu yake yanaweza kuwa mazima, na kipimo cha oksijeni kinachobanwa kidoleni kikasoma asilimia 96, kwa sababu kifaa hicho hupima jinsi hemoglobini iliyopo ilivyojaa. Hakisemi hemoglobini ni nyingi au ni kidogo. Ni sawa na matatu chache zilizojaa: kila moja haina kiti wazi, ila abiria waliofika stejini ni wachache.

Moyo wa mama hujaribu kufidia kwa kusukuma damu haraka zaidi. Ndipo huja uchovu, mapigo ya moyo ya kasi, kizunguzungu na kukosa pumzi anapopanda kilima kidogo. Viganja, ufizi na ndani ya kope hupauka. Hemoglobini ikishuka chini ya 7, upungufu huo ni mkali na unahitaji matibabu ya haraka hospitalini, kwa sababu mama mwenyewe yuko hatarini, hasa akivuja damu wakati wa kujifungua.

Vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki vinavyotolewa kliniki ndivyo vinavyoujaza mzigo huu. Kidonge kimoja kina miligramu 60 za madini ya chuma, na humezwa kila siku tangu mwanzo wa ujauzito. Wengi huviacha kwa sababu ya kichefuchefu, kufunga choo au choo cheusi. Choo cheusi hakina madhara. Kichefuchefu hupungua kidonge kikimezwa baada ya chakula au usiku kabla ya kulala.

Katika kaunti inayolima chai, jambo moja dogo huharibu kazi ya vidonge hivyo. Chai na kahawa huzuia madini ya chuma yasifyonzwe na mwili. Mama anayemeza kidonge kwa kikombe cha chai, au anayekunywa chai pamoja na githeri au njahi, hupoteza sehemu kubwa ya madini hayo. Ni heri chai ikae saa moja au mbili mbali na chakula na kidonge, na mahali pake pachukuliwe na maji na tunda kama chungwa au pera, ambalo husaidia madini ya mboga na maharagwe kufyonzwa.

Kikomo cha pili: moshi wa makaa

Kuna hali moja ambapo uwezo wa hemoglobini kushika hewa humgeukia mtoto. Miezi ya Juni, Julai na Agosti huwa ya baridi na ukungu, na nyumba nyingi huwasha jiko la makaa ndani huku milango na madirisha yakiwa yamefungwa. Makaa yanayowaka bila hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Gesi hii hushikamana na hemoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na kukalia nafasi zake.

Madhara yake kwa mtoto hufuata hatua zake. Kwanza, nafasi zilizokaliwa katika hemoglobini ya mama haziwezi tena kubeba oksijeni. Pili, nafasi zilizobaki hukaza mshiko, na mama anashindwa kuachilia hata oksijeni aliyonayo. Tatu, gesi yenyewe huvuka kondo polepole, na baada ya saa nyingi kiwango chake katika damu ya mtoto huwa juu kuliko katika damu ya mama. Mama akitolewa nje kwenye hewa safi, damu yake hupunguza nusu ya gesi hiyo baada ya saa nne au tano. Ya mtoto huchukua muda mrefu zaidi.

Hapo ndipo watu hukosea. Mama anatolewa nje, anapata nafuu ya kichwa, anaona mambo yameisha na anarudi kulala. Mtoto bado ana gesi hiyo. Tena kipimo cha kidoleni hakiwezi kusaidia, kwa sababu hukiona kile kilichoshikwa na kaboni monoksaidi kana kwamba ni oksijeni, na kusoma nambari nzuri. Mjamzito aliyeamka na maumivu ya kichwa, kizunguzungu au kutapika katika chumba chenye jiko la makaa anapaswa kupelekwa hospitalini hata akijisikia vizuri, na kueleza wazi kwamba alikuwa na jiko ndani. Hutiwa oksijeni kwa muda mrefu kuliko mtu asiye mjamzito, ili na mtoto apate kusafishika. Kinga ni jiko kuwashwa na kukolea nje, na kutolewa chumbani kabla ya watu kulala.

Kikomo cha tatu: njia ikibanwa

Yaliyoelezwa hapo juu yanaweza kumfanya msomaji afikiri kwamba hemoglobini ya mtoto ndiyo kila kitu. Utabibu umeonyesha vinginevyo. Mwaka 1963, daktari William Liley wa Nyuzilandi alianza kuwatia damu watoto wakiwa bado tumboni, kwa sababu damu yao ilikuwa ikiharibiwa na kingamwili za mama zinazotokana na kutolingana kwa damu. Damu wanayotiwa watoto wa aina hiyo ni ya watu wazima, na sehemu kubwa ya hemoglobini yao hugeuka kuwa ya mtu mzima. Wengi wao huzaliwa salama. Hemoglobini ya pekee huwapa watoto nafasi ya ziada, lakini kinachoamua zaidi ni wingi wa damu inayofika kwenye kondo pande zote mbili.

Damu hiyo hupungua kwa njia mbalimbali. Shinikizo la damu la ujauzito hubana mishipa inayolisha kondo. Kondo likibanduka kabla ya wakati, njia hukatika. Katika miezi ya mwisho, mama akilala chali kwa muda mrefu, tumbo hulemea mishipa mikubwa ya damu, ndiyo sababu hushauriwa kulala kwa ubavu. Hata uchungu wa kawaida wa kuzaa hubana njia: kila tumbo linapokaza, damu ya mama inayoingia kwenye kondo hupungua kwa muda wa karibu dakika moja, na mtoto huishi kwa akiba aliyo nayo. Tumbo likilegea, anajaza tena. Dawa za kienyeji za kuharakisha uchungu ni hatari kwa sababu hulifanya tumbo likaze bila kupumzika, na mtoto akakosa muda wa kujaza.

Mtoto anayepungukiwa na oksijeni hana njia ya kulia. Anachofanya ni kupunguza matumizi, na jambo la kwanza analopunguza ni kucheza. Mama aliyezoea mtoto anayecheza na akaona amepunguza au ametulia isivyo kawaida asisubiri siku ya kliniki. Afike hospitalini siku hiyo hiyo, hasa kama ana maumivu makali ya kichwa, anaona ukungu machoni, amevimba uso, anavuja damu au tumbo limekaza bila kulegea.

Baada ya kuzaliwa

Siku ya kuzaliwa, karibu asilimia 70 ya hemoglobini ya mtoto, na wakati mwingine zaidi, bado ni ile ya tumboni. Anapovuta pumzi ya kwanza, hahitaji tena hemoglobini inayonyakua kwenye msukumo mdogo, na mwili huanza kuibadilisha. Chembe nyingi kuukuu huvunjwa, na rangi inayotokana nazo ndiyo moja ya sababu za macho na ngozi ya watoto wengi kuwa ya manjano kidogo kuanzia siku ya pili au ya tatu. Manjano yanayoonekana ndani ya saa 24 za kwanza, au yanayofika viganjani na kwenye nyayo, si ya kawaida, na mtoto anapaswa kuonwa na daktari mara moja.

Kufikia miezi sita, hemoglobini ya tumboni imebaki kidogo. Mabadiliko hayo yanaeleza kwa nini mtoto mwenye ugonjwa wa selimundu, ambao wengi huuita siko seli, huonekana mzima kabisa katika miezi ya kwanza. Kasoro ya ugonjwa huo iko katika mnyororo wa beta, na mtoto mchanga bado anatumia gama. Gama inapopungua, maumivu, kuvimba kwa vidole vya mikono na miguu na upungufu wa damu hujitokeza. Ugonjwa huu hupatikana zaidi katika familia zenye asili ya magharibi mwa Kenya na pwani, na familia hizo zinaishi pia Nyeri, Karatina na Nanyuki. Mzazi ambaye katika ukoo wake kuna mgonjwa anashauriwa kuomba mtoto apimwe mapema, kabla kinga ya hemoglobini ya tumboni haijaisha.